Siku za madeni zimepanda: mkusanyaji amelala, au mauzo yameshuka?

*Shikamoo mwalimu. Ninatunza hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma. Tunakopesha kwa siku 30. Programu yetu inaonyesha DSO ya siku 39 mwisho wa Septemba na siku 63 mwisho wa Desemba. Tajiri anasema mkusanyaji wa madeni amelala na anataka kumwondoa. Mkusanyaji anasema ni mvua tu, mauzo yameshuka. Nimeambatisha jedwali la ankara na jedwali la malipo. Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, na kwa bahati nzuri majedwali yako yameandikwa kwa uangalifu wa kutosha kutuonyesha kila kipande kina ukubwa gani. Katika maelezo haya nimekamilisha tarakimu zako kwenye milioni iliyo karibu ili hesabu ifuatike kwa urahisi, na kipimo hicho ambacho programu inakiandika DSO nitakiita siku za madeni, yaani salio mnalodai ni sawa na mauzo ya mkopo ya siku ngapi.

Programu yako inachukua salio la wadaiwa la siku ya mwisho ya mwezi, inaligawanya kwa mauzo ya mkopo ya mwezi huohuo, kisha inazidisha kwa idadi ya siku za mwezi. Septemba mlikuwa mnadai shilingi milioni 104 na mlikopesha bidhaa za milioni 80, kwa hiyo 104 kugawanya kwa 80 mara 30 ni siku 39. Desemba mlikuwa mnadai milioni 61 na mlikopesha milioni 30 tu, kwa hiyo 61 kugawanya kwa 30 mara 31 ni siku 63. Hebu tazama jambo moja kabla ya kumhukumu mtu: fedha mnazodai zimepungua kwa milioni 43, lakini siku zimeongezeka kwa 24. Kipimo kinachopanda wakati deni lenyewe linashuka kinahitaji kufunguliwa ndani.

Kwanza nilihakiki salio lenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Jedwali lako la ankara lina safu ya "imelipwa" na "bado". Safu hiyo inasema hali ya leo. Haisemi hali ya Septemba. Anayejumlisha ankara za "bado" ili kupata salio la Septemba atapata kiasi kidogo kuliko kilichokuwepo, maana ankara nyingi zilizokuwa zinadaiwa siku ile zimekwisha kulipwa, na kwa hesabu hiyo miezi ya nyuma daima itaonekana mizuri kuliko mwezi wa sasa. Salio la siku fulani hupatikana kwa tarehe peke yake: ankara zote zilizotolewa hadi siku hiyo, ukatoa malipo yote na hati zote za punguzo, zile karatasi zinazomfutia mteja sehemu ya deni, zilizoingia hadi siku hiyo. Kama tarehe zako ziko safu B, kiasi kiko safu D, hati za punguzo umeziingiza pamoja na malipo, na siku unayoitaka umeiandika kwenye H1, fomyula ni hii:

```
=SUMIFS(Ankara!D:D,Ankara!B:B,"<="&H1)-SUMIFS(Malipo!D:D,Malipo!B:B,"<="&H1)
```

Nimeipitisha kwa Septemba na Desemba, na inarudisha 104 na 61 zilezile za programu. Vilevile umefanya vyema kuacha nje mauzo ya taslimu ya kaunta, ambayo hayana deni, na kuweka salio na mauzo yote mawili yakiwa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani. Nimewahi kuona salio lenye kodi likigawanywa kwa mauzo yasiyo na kodi, yaliyochukuliwa kwenye taarifa ya mapato. Kwa kiwango cha asilimia 18, kosa hilo peke yake lingeifanya Septemba yako isomeke siku 46 badala ya 39, na mtu angelaumiwa kwa kodi ya serikali.

Sasa tuje kwenye mvua. Kuanzia Julai hadi Septemba barabara ni kavu, watu wanajenga, na mlikopesha milioni 80 kila mwezi. Mvua zilipoanza matofali hayakukauka na misingi ikajaa maji, nanyi mkakopesha milioni 60 Oktoba, 40 Novemba na 30 Desemba. Ili kujua mvua imeleta siku ngapi, tujiulize salio la Desemba lingekuwa kiasi gani kama wateja wangelipa kwa mwendo uleule wa Septemba. Mwendo huo umo ndani ya jedwali. Mwisho wa Septemba, katika ankara za Septemba zenyewe zilikuwa zimebaki milioni 64 kati ya 80, yaani asilimia 80. Katika ankara za Agosti zilibaki milioni 32, asilimia 40. Na katika za Julai milioni 8, asilimia 10. Za nyuma ya hapo zilikuwa zimekwisha. Jumla ni 104.

Ukiyahamishia mauzo ya mvua asilimia hizo, unapata milioni 24 za Desemba, 16 za Novemba na 6 za Oktoba, jumla milioni 46. Gawanya kwa 30, zidisha kwa 31, utapata siku 47 na nusu. Kwa maneno mengine, hata kama hakuna mteja hata mmoja ambaye angebadilisha tabia, na hata kama mkusanyaji angefanya kazi sawasawa na Septemba, programu ingetoka 39 na kufika 47 au 48. Sababu ni kwamba salio limebeba madeni ya miezi mikubwa iliyopita, lakini linagawanywa kwa mwezi mdogo wa mwisho. Siku nane na nusu hivi kati ya zile 24 ni za mvua, na hapo mkusanyaji amesema kweli.

Huenda mtu akakushauri utumie mauzo ya miezi mitatu badala ya mwezi mmoja, ili kipimo kitulie. Jaribu uone. Septemba inakuwa 104 kugawanya kwa 240 mara siku 92, yaani siku 40. Desemba inakuwa 61 kugawanya kwa 130 mara 92, yaani siku 43. Kimepanda siku tatu tu, na tajiri angelala usingizi mzuri. Lakini kwa mwendo wa zamani, salio la milioni 46 lingesomeka siku 33 kwa njia hiyo, kwa sababu sasa mwezi mdogo wa mwisho, ambao ndio wenye deni kubwa kwa asilimia, unagawanywa kwa wastani uliobebwa na Oktoba. Mauzo yanaposhuka, njia ya mwezi mmoja inakuza tatizo na njia ya miezi mitatu inalifunika. Mauzo yanapopanda, mambo hugeuka kinyume. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu benki na wakaguzi mara nyingi hutumia robo mwaka au mwaka mzima, na mtu anaweza kuonyeshwa tarakimu mbili za biashara moja, zinazosema habari mbili, na zote zimehesabiwa bila kosa.

Ipo njia ya kati ambayo ninaipendelea kwa biashara za msimu, nayo ni kuhesabu kurudi nyuma. Unachukua salio na kulitoa mauzo ya mwezi wa mwisho, kisha ya mwezi uliotangulia, ukihesabu siku unapokwenda. Desemba: 61 toa 30, zimebaki 31, na umetumia siku 31. Mauzo ya Novemba ni 40, ambayo ni zaidi ya 31 zilizobaki, kwa hiyo unachukua sehemu tu: 31 kwa 40 mara siku 30 ni kama siku 23. Jumla siku 54. Septemba kwa njia hiyohiyo ni siku 39, na Desemba ya mwendo wa zamani ingekuwa siku 43. Unaona kwamba hata njia hii haijaepuka msimu kabisa, maana imeongeza siku nne bila kosa la mtu, lakini ni nusu ya upotoshaji wa programu yako. Kama mnataka tarakimu moja ya kubandika ukutani, bandikeni hii.

Hata hivyo, tarakimu moja haitakuambia umfuate nani. Kwa hilo inabidi kutazama kila mwezi wa ankara peke yake, kama nilivyofanya kwa Septemba, na hapa jedwali lako linaanza kuzungumza. Mwisho wa Desemba, katika ankara za Desemba zimebaki milioni 24 kati ya 30, asilimia 80, ileile ya siku zote. Katika ankara za Novemba zimebaki milioni 22 kati ya 40, yaani asilimia 55 badala ya 40. Katika ankara za Oktoba zimebaki milioni 15 kati ya 60, yaani asilimia 25 badala ya 10. Ankara mpya ni nzima. Ugonjwa uko kwenye zilizopita siku 30. Ziada yote juu ya mwendo wa kawaida ni milioni 15, tisa za Oktoba na sita za Novemba, na kwa kuwa mauzo ya Desemba ni milioni 30 kwa siku 31, kila milioni ya ziada inaleta takriban siku moja kwenye kipimo cha programu. Hivyo zile siku kumi na tano na kidogo zilizobaki baada ya mvua zimepatikana, na sasa tunaweza kuzisoma ankara kwa ankara.

Katika milioni tisa za Oktoba, saba ni ankara moja. Ni ya mkandarasi wa madarasa, bati na saruji, ya tarehe 6 Oktoba, na pembeni umeandika "anasubiri cheti, tajiri aliidhinisha". Mkandarasi hulipwa baada ya kazi kupimwa na hati ya malipo kusainiwa, na kumpa siku 30 ilikuwa ni kuandika tarehe ambayo pande zote mbili zilijua haitatimia. Mkusanyaji angeweza kwenda eneo la ujenzi kila asubuhi na asingerudi na kitu. Deni hilo linadaiwa kwa kuomba nakala ya hati ya malipo pamoja na tarehe yake, na mara nyingine kwa kuchukua malipo ya awali kabla ya bati kupakiwa. Ni siku saba za kipimo, na zinatokana na uamuzi wa kukopesha uliofanyika juu ya kichwa cha mkusanyaji.

Milioni mbili zinazofuata hazitalipwa na mtu yeyote. Ni za mteja aliyekataa mifuko ya saruji iliyolowa njiani. Maelezo yako yanasema mzigo ulirudishwa Oktoba ileile na dereva akasaini. Hati ya punguzo haijatolewa hadi leo. Kwa hiyo ankara inakaa kwenye daftari kama deni, inazeeka kila siku, na kila mkusanyaji anapompigia mteja yule simu anamkasirisha bure. Hilo ni lako wewe wa ofisini, ndugu yangu, na linamalizika kwa karatasi moja.

Milioni sita za Novemba ndizo zinazomhusu mkusanyaji. Hapa niligawa wateja makundi mawili kwa kutazama jinsi malipo yao yanavyoingia: wanaotuma wenyewe kwa simu au benki, wengi wao wa Uvinza na hapa mjini, na wale wa njia ya Kasulu wanaolipa mkononi mkusanyaji anapopita. Makundi hayo yamenunua sawa kwa sawa, milioni 20 kila moja kwa Novemba. Katika kundi la kwanza zimebaki milioni nane, asilimia 40 ileile ya zamani. Katika kundi la pili zimebaki milioni 14, asilimia 70. Kama tatizo lingekuwa hali ya biashara, wateja wa Uvinza nao wangechelewa, maana mvua inanyesha kwao pia. Waliochelewa ni wale tu wanaomsubiri mtu afike.

Kisha nikatazama tarehe za stakabadhi za Kasulu, na huo ndio ukurasa ambao ningependa tajiri wako auone kwa macho yake. Agosti na Septemba stakabadhi zimejikusanya mafungu mawili kila mwezi, moja kati ya tarehe 9 na 11, na jingine kati ya tarehe 24 na 26. Hizo ni safari zake mbili. Desemba kuna fungu moja, la tarehe 10 na 11, na baada ya hapo hakuna stakabadhi hata moja ya Kasulu mpaka mwisho wa mwezi. Mteja aliyechukua mzigo tarehe 18 Novemba alitimiza siku 30 tarehe 18 Desemba. Safari ya kwanza ilimpita kabla deni lake halijaiva, na ya pili haikufika. Stakabadhi haziwezi kukuambia kama ilikuwa gari, barabara, sikukuu au uvivu. Zinasema tu kwamba safari moja haikufanyika na kwamba iligharimu milioni sita na siku sita. Kabla ya kumwondoa mtu, muulizeni kuhusu safari hiyo moja, na muulizane pia kwa nini nusu ya wateja bado wanasubiri kulipa mkononi.

Kuna fedha nyingine ambazo lazima uzihakiki kabla ya kuonyesha hesabu hizi: malipo yaliyoingia bila kuunganishwa na ankara. Salio la jumla halidhuriki nayo, lakini umri wa madeni huharibika kabisa, kwa sababu ankara iliyolipwa inaendelea kuzeeka huku fedha zake zikielea. Nilipokuwa bado kijana katika kazi hii nilikwenda mpaka Kasulu kumdai mwenye duka mmoja deni la wiki tisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu yake na kunionyesha ujumbe: alikwisha kulipa wiki tano kabla, kwa namba ya shemeji yake. Fedha zile zilikuwa zimekaa kwetu chini ya jina ambalo hakuna aliyelitambua. Katika jedwali lako malipo ya namna hiyo ni machache na hayafiki milioni moja, ila yapangeni kila Ijumaa, na mwombeni kila anayetuma fedha aandike namba ya ankara.

Nimeona pia umehesabu wastani wa siku kutoka tarehe ya ankara hadi tarehe ya malipo, ukaupima kwa kiasi cha kila ankara, na ukapata siku 24 kwa ankara za Novemba. Fomyula ni sahihi, lakini usiitumie kumtetea mtu. Wastani huo unawahusu waliokwisha kulipa tu, yaani milioni 18 za walio wepesi. Zile 22 za wazito hazimo. Kinyume chake, mkandarasi akilipa Machi, wastani wa malipo ya Machi utaruka juu kwa sababu ya ankara ya miezi mitano, na mwezi mliokusanya deni gumu utaonekana mwezi mbaya. Wastani wa aina hiyo unafaa kwa miezi ambayo ankara zake zote zimefungwa, kama Julai na Agosti.

Kwa tajiri, kwa hiyo, ningepeleka hesabu hii: kati ya siku 24 zilizoongezeka, nane na nusu hivi ni za mvua, saba za mkandarasi, mbili za hati ya punguzo ambayo haijatolewa, na sita za safari ya Kasulu. Ningemwomba pia aendelee kuangalia zile asilimia tatu kila mwisho wa mwezi, 80, 40 na 10, hasa ya katikati, na asiiamini programu itakapoanza kumpa habari njema. Msimu wa ujenzi utarudi. Chukulia mtakopesha milioni 40 Aprili, 60 Mei na 80 Juni. Kama wateja watalipa kwa mwendo mzuri wa zamani, salio la Juni litakuwa milioni 92, na programu itaonyesha siku 34 au 35. Kama watalipa kwa mwendo huu mbaya wa Desemba, asilimia 80, 55 na 25, salio litakuwa milioni 107, na programu itaonyesha siku 40, karibu sawa kabisa na ile 39 ya Septemba mnayoikumbuka kama siku za afya.